Tikiti Ina Watu Wawili

Mwaka jana katika jarida hili nilisoma makala kuhusu usafi wa mito, na mwaka juzi kulikuwa na ile ya ugonjwa wa malaria. Mwaka huu mhariri aliponiomba niandike jambo lenye manufaa, nilimwambia sina ujuzi wowote ila ule nilioununua kwa shilingi elfu moja na mia tano, tena kwa machozi. Akasema huo huo ndio anaoutaka.

Jambo lenyewe ni tikiti. Sisemi ya matatu, maana kutoka hapa Nakuru hadi Naivasha, Gilgil au Nairobi kwenyewe manamba hakuulizi umri wala jina. Ukiwa na nauli unaketi, usipokuwa nayo unashuka. Nasema ile tikiti inayotaka jina na nambari ya kitambulisho, na hali wewe una miaka kumi na sita na kitambulisho huna. Kwa sheria ya Kenya mtu huwa mzima akifika miaka 18, na kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia umri huo huo. Lakini safari haingoji siku ya kuzaliwa. Wengi wetu tumekwisha kutumwa Eldoret, Kericho, hata Mombasa, peke yetu.

Yaliyonipata ni haya. Likizo ya Desemba iliyopita nyanyangu, anayeishi Likoni, alipangiwa kupasuliwa jicho siku ya Jumatatu. Alihitaji mtu wa kukaa naye wiki mbili, kumtia dawa na kumshika mkono aendapo msalani. Mamangu anauza mboga katika soko la Wakulima, na Desemba ndio mwezi anaokusanya karo ya Januari. Hangeweza kuacha kibanda. Mjomba yuko kulekule Mombasa lakini kazi yake ni ya zamu za usiku bandarini. Kwa hivyo niliyebaki ni mimi. Nyanya mwenyewe alinitaja kwa jina, akasema hataki kushikwa jicho na mtu asiyemjua.

Mama alitaka nipande gari la reli la Madaraka Express. Sababu yake ni kwamba basi la usiku lamtia hofu, na garimoshi lina polisi na vituo vinavyojulikana. Ni ajabu kidogo ukifikiria, kwa sababu Nakuru ni mji uliozaliwa na reli. Ile ya zamani ilifika hapa mwaka 1900, na stesheni yetu ingali pale chini ya mji. Lakini reli mpya, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kusongezwa hadi karibu na Mai Mahiu mwaka 2019, haikutufikia. Mwana wa Nakuru hana budi apande matatu kwanza, mwendo wa kilomita kama 160, ndipo aende Syokimau nje ya Nairobi kulipanda gari la Mombasa.

Sasa nikae na hiyo tikiti. Huhitaji kwenda Syokimau kuinunua. Unabonyeza *639# kwenye simu, hata simu ya kitufe, kisha unafuata maswali: unatoka wapi, unakwenda wapi, tarehe gani, gari gani, daraja gani, jina la abiria, nambari ya kitambulisho chake. Malipo ni kwa M-PESA. Daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa lilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 tarehe 1 Januari 2024. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu, na wa chini ya mitatu hupakatwa bure. Angalia hapo: ukifika miaka kumi na miwili tu, reli inakuhesabu mtu mzima kwa upande wa nauli. Kwa upande wa kitambulisho ungali mtoto kwa miaka sita mingine. Katika hiyo miaka sita ndimo tulimo sisi sote wa shule hii, na ndimo nilimoangukia.

Nilikuwa na simu yangu. Laini yake, hata hivyo, imesajiliwa kwa jina la mama, kama zilivyo laini za wengi wenu. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2015 zilitaka laini ya mtoto isajiliwe na mzazi au mlezi, kwa kitambulisho cha mzazi pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Wazazi wengi hawakwenda mbali hivyo. Walinunua laini ya pili kwa jina lao wakatupa. Kwa hivyo mimi nikimtumia mtu pesa, jina linalomtokea ni la mamangu. Mwalimu wetu mmoja aliwahi kunipigia kunishukuru kwa mchango wa safari ya chama, akaniita "mama fulani" dakika nzima kabla sijajitambulisha.

Jina hilo ndilo lililonipoteza. Nilipofika kwenye swali la jina la abiria nilisita. Nikajiambia, pesa zitatoka kwa M-PESA yenye jina la mama. Je, tikiti ikiwa na jina langu si itakataliwa kwa kuwa majina hayafanani? Nikamuuliza jirani yetu mmoja, kijana aliyemaliza shule, naye akanijibu kwa ujasiri wote, "Wewe andika za mamako tu. Huna ID, utaandika nini?" Nikaandika jina la mama na nambari ya kitambulisho chake. Ujumbe ukaja, una tarehe, behewa na nambari ya kiti. Nikarukaruka jikoni. Mama akausoma, akaona jina lake, akacheka, "Kumbe nami nasafiri!" Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Jumamosi nilirauka saa kumi na moja. Gari langu lilikuwa la saa tisa alasiri. Lile la asubuhi huondoka saa mbili, na mtu wa Nakuru akitaka kulipanda ni lazima aanze safari usiku wa manane. Mama alinifungia chapati, akanitilia cheti changu cha kuzaliwa ndani ya karatasi ya nailoni, pamoja na barua aliyoiandika kwa mkono wake kusema mimi ni nani, ninakwenda kwa nani, na nambari zake na za mjomba. Nyuma ya barua aligundisha nakala ya kitambulisho chake. Nilimwona mama ni mtu wa kale. Nani bado huandika barua?

Nilifika Syokimau mapema, saa saba na nusu. Kabla ya kuingia kuna ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi hupitishwa akainusa, kisha kila kitu hupita kwenye mashine. Huko nilipita salama. Nilikokwama ni pale tikiti inapolinganishwa na karatasi yako. Karani aliitazama tikiti, akanitazama mimi, akaniomba kitambulisho. Nikampa nakala ya cha mama. Akauliza, "Huyu aliyezaliwa mwaka 1981 ndiye wewe?"

Nilieleza. Nilisema ni mamangu, ndiye aliyelipa, laini ni yake, tazama hata barua. Karani hakuwa mkali hata kidogo. Alinieleza taratibu kama mtu anayemweleza mdogo wake. Alisema, "Binti, sikuulizi nani alilipa. Hata chifu wenu angelipa ni sawa. Nakuuliza nani anaketi. Hapa pameandikwa mamako anaketi, na mamako hayupo."

Sentensi hiyo ndiyo yote niliyotaka kuwaletea. Tikiti ya jina ina watu wawili ndani yake, mlipaji na msafiri. Kwa mtu mzima hao wawili ni mtu mmoja, ndiyo maana hawaoni tatizo. Kwetu sisi ni watu wawili mbalimbali, na swali la jina na la nambari humuuliza msafiri peke yake. Mlipaji hujulikana kwa simu yake tu. Jina la M-PESA halilinganishwi na jina la tikiti. Ningeandika jina langu kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na nambari ya cheti hicho mahali pa kitambulisho, laini ya mama ingelipa vilevile na mimi ningepita.

Na sababu ya reli kushikilia jambo hilo si ukaidi. Nambari ile ndiyo inayowaonyesha nani yuko ndani ya gari. Likipatikana jambo njiani, jina lililo kwenye kiti changu lingekuwa la mtu aliye sokoni Nakuru akipanga sukuma wiki, na mimi nisingekuwa popote kwenye orodha.

Ilikuwa saa nane kasoro. Niliuliza kama naweza kubadilishiwa jina, lakini muda wa kushughulikia tikiti ile ulikuwa umepita, na gari la saa tisa lilikuwa limejaa pomoni kwa ajili ya Krismasi. Nafasi zilizobaki zilikuwa za gari la saa nne usiku, shilingi 1,500 nyingine. Kwenye laini yangu nilikuwa na 180. Nikakaa chini kwenye sakafu, chapati mapajani, nikalia. Nilikuwa nikiona jicho la nyanya na kitambaa juu yake.

Nilipompigia mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ni ngapi?" Dakika tano baadaye pesa ziliingia, 1,500 kamili. Sikuuliza zilikotoka. Baadaye nilijua, na nitaeleza kwa sababu hili nalo huwapata wengi wanaonunua tikiti kwa simu ya mzazi.

Mama alikuwa na shilingi 640 kwenye M-PESA. Kutuma 1,500 kulitaka 23 za ada, jumla 1,523. Zilizopungua ni 883. Kwa mtu aliyejiunga na Fuliza, ile huduma iliyoanza mwaka 2019, simu haimwambii "pesa hazitoshi" ikaishia hapo. Humwuliza kama anataka kukamilisha kwa Fuliza. Akikubali, 883 hizo ni mkopo. Hukatwa ada ya asilimia moja papo hapo, yaani kama shilingi tisa, na deni likikaa huja tozo la kila siku kulingana na kiasi. Hayo yote ni madogo. Kubwa ni namna linavyolipwa: pesa yoyote inayoingia kwenye laini hiyo hukatwa kwanza. Jioni ile mteja wa mama wa hoteli alimtumia elfu moja za kabichi. Mama alipotaka kuzitoa akanunulie mzigo wa kesho, alikuta zimebaki mia na kidogo. Jumapili kibanda chetu kilikuwa na vitunguu tu.

Kwa hiyo ukiwa na simu ya mzazi mkononi, kwa ruhusa yake, kabla ya kubonyeza namba ya siri ya malipo tazama salio kwanza. Ukiona neno Fuliza limejitokeza, hapo umeacha kutumia pesa za mzazi na umeanza kumkopea. Ruhusa ya kununua tikiti si ruhusa ya kukopa. Mrudishie simu aamue mwenyewe.

Turudi Syokimau. Karani yuleyule alinikatia tikiti ya pili. Safari hii jina lilikuwa langu, majina yote matatu kama yalivyo kwenye cheti. Kwenye nambari nilikwama tena kidogo, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kina nambari zaidi ya moja. Ipo nambari ya ingizo, inayotoka kwenye daftari la msajili, nayo ndiyo shule zimekuwa zikituitisha wakati wa kusajiliwa. Tena ipo nambari iliyopigwa chapa kwenye karatasi yenyewe. Nilimwonyesha zote mbili nikamwacha achague, akaichukua ya ingizo. Ninavyoona mimi, kama unanunua ukiwa nyumbani, iandike hiyohiyo na ubebe cheti chenyewe. Nakala inafifia, na nambari ikisomeka vibaya utarudi kuwa mimi wa saa nane.

Nilingoja stesheni saa nane nzima. Polisi mmoja wa kike alinijia magharibi, akauliza niko na nani. Barua ya mama, ile niliyoidharau, ndiyo niliyompa. Aliisoma, akampigia mama hapohapo wakaongea, kisha akaniambia niketi karibu na kaunta hadi gari liitwe. Sijui sheria yoyote inayomlazimu mtu wa miaka kumi na sita kubeba barua hiyo ndani ya nchi. Lakini cheti husema wewe ni nani tu. Hakisemi kama nyumbani wanajua uliko, na hilo ndilo mtu mzima mwema hutaka kujua akimwona msichana peke yake stesheni usiku. Siku hizi sisafiri bila hiyo barua. Ina jina langu kamili, niendako, tarehe ya kwenda na ya kurudi, nambari mbili za simu ambazo zitapokewa, na sahihi.

Gari liliondoka saa nne. Tulifika Miritini kabla ya saa kumi alfajiri, na mjomba alikuwa ameacha zamu yake nusu ili aje anipokee gizani. Hiyo nayo iliingia kwenye bei ya tikiti ya kwanza, ukipenda kupiga hesabu.

Sasa niongeze mawili yaliyowapata wengine, maana nilipoanza kusimulia kisa changu darasani kila mtu alitoa chake.

Mwenzangu mmoja wa kidato cha tatu alitaka tikiti ya tamasha la muziki huko Naivasha. Tikiti ziliuzwa kwenye mtandao kwa kadi ya benki. Babake ana kadi. Kijana aliitoa kwenye pochi babake akioga, akanakili nambari ndefu ya mbele, mwezi na mwaka wa kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma, akairudisha. Alidhani amemaliza. Asichojua ni kwamba benki nyingi, kabla ya kuachilia malipo ya mtandaoni, humtumia mwenye kadi namba ya siri ya mara moja kwenye simu yake. Namba ilimfikia babake akiwa mkutanoni. Mzee akaona mtu anajaribu kulipa tamasha kwa kadi yake, akadhani ni wezi, akapigia benki, kadi ikafungwa. Ilichukua wiki kupata nyingine, na wiki hiyo nyumbani walinunua kila kitu kwa noti. Ukitazama vizuri, ile namba ya mara moja ndiyo swali lenyewe la idhini: benki inamwuliza mwenye kadi, "Je, ni wewe?" Kijana angeomba mbele, mzee angeketi naye, namba ingekuja wakaiandika pamoja, ikawa dakika mbili.

Lakini hata hivyo asingeingia. Chini kabisa ya tangazo, kwa maandishi ya sisimizi, paliandikwa miaka 18 na zaidi, kwa kuwa pombe ingeuzwa ndani. Hapa ndipo wengi huchanganya. Mzazi anaweza kukulipia, na anaweza kukuruhusu kusafiri, lakini hawezi kukuongezea miaka. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inakataza mtoto kuingia mahali panapouzwa pombe ya kunywewa papo hapo, na barua ya baba haibadilishi hilo. Filamu ni vivyo hivyo. Bodi yetu ya kuainisha filamu huzipa alama: za watu wote, za uangalizi wa mzazi, za 16 na za 18. Kwenye ile ya uangalizi neno la mzazi lina nguvu. Kwenye ya 16 mimi sasa naingia kwa umri wangu mwenyewe, raha iliyoje. Kwenye ya 18 hata nikishikwa mkono na wazazi wote wawili sina changu. Kwa hivyo soma masharti ya mlangoni kabla ya kutafuta pesa, wala usianze na pesa.

Kuna na mahali ambapo huo udogo wetu ni faida. Mbuga yetu ya Ziwa Nakuru huwatoza watoto na wanafunzi kiingilio cha chini kuliko watu wazima, na pale msichana wa miaka kumi na sita bado ni mtoto, tofauti na reli inayoacha kumwita mtoto akifika kumi na miwili. Malipo hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, kwa hivyo mtu mzima mwenye akaunti ndiye anayelipa. Lakini kundi unalochagua ni la yule anayeingia. Ni yale yale ya karani wangu. Beba kadi ya shule, usije ukaonekana mrefu langoni.

La pili ni la binamu yangu wa Gilgil. Yeye ana miaka 18 na miezi mitatu. Ungedhani ameshaokoka. La hasha! Ameomba kitambulisho, akapewa ile karatasi ya kungojea, na kadi yenyewe haijatoka. Kwa miezi kadhaa amekuwa katikati: hawezi kusema ni mtoto atumie cheti bila kuulizwa maswali, na hana kadi ya mtu mzima. Alipotaka kusafiri kuelekea chuoni Voi, alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Alikwenda kaunta siku mbili kabla, akiwa Nairobi kwa shangazi, na karatasi zake zote mbili mkononi, akauliza, "Kati ya hizi mtanikubalia ipi?" Kisha akanunua tikiti kwa nambari ya ile waliyomwambia. Hakuandika nambari ya babake, ingawa babake ndiye aliyelipa.

Mtaniuliza kuhusu M-PESA yetu wenyewe. Mwaka 2022 Safaricom ilianzisha M-PESA Go kwa walio na miaka 10 hadi 17. Mzazi ndiye anayemwandikisha mtoto na anaweza kufuatilia matumizi. Mama alipoisikia alisema hataki simu nyingine ya kuchunga, anazo kabichi za kutosha. Kwa hivyo laini yangu ingali na jina lake, na mwalimu wa mchango angali akiniita mama fulani kwa utani.

Nyanya alipasuliwa Jumatatu kama ilivyopangwa, na mkono alioushika akiingia ulikuwa wangu. Wiki mbili baadaye nilinunua tikiti ya kurudi nikiwa kibarazani kwake Likoni, yeye kando yangu na kitambaa kwenye jicho. Simu iliyolipa ilikuwa ya mjomba. Ujumbe ulipoingia nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno: jina, nambari, tarehe, behewa, kiti. Nilipomaliza akasema, "Rudia hapo kwenye jina." Nikarudia. Lilikuwa langu.